Nunda mla watu kwa episodi kumi: uzi unapita wapi?

Hadithi ya Nunda ukiisimulia barazani, bila haraka na nyimbo zake zote, huisha kwa kikao kimoja. Episodi kumi za katuni za dakika kumi na moja ni dakika 110. Kwa hiyo mtu akianza kuigeuza hadithi hii kuwa katuni hudhani shida yake ni kurefusha: aongeze wahusika, aongeze safari, amtie na mchawi mmoja wa ziada. Sisi tulianza hivyo hivyo, watu wanne katika chumba kimoja cha Michenzani, na baada ya wiki tatu tulikuwa na mpangilio wa kurasa kumi na nne ambao hata sisi wenyewe tulichoka kuusoma.

Kabla sijaeleza tulipokosea, niikumbushe hadithi yenyewe. Askofu Edward Steere aliiandika kutoka kwa wasimulizi wa Unguja, ikachapishwa 1870, kwa hiyo andiko lile halina tena mwenye kulidai. Ina mapande matatu. Kwanza kuna mtende wa Sultani Majinuni, unaozaa kila mwaka na kila mwaka ndege wanazila tende kabla hazijavunwa. Wanawe wanalinda kwa zamu wanashindwa, mpaka anapokwenda yule mdogo, Mkaa Jikoni, ambaye hakuna aliyemtazamia lolote. Pili kuna paka wa Sultani. Anaua ng'ombe, watu wanakuja kushitaki, Sultani anajibu kwamba paka ni wake na ng'ombe ni wake. Anaua mbuzi, jibu ni lile lile. Anaendelea mpaka anageukia watu, na mwisho anawaua wana wa Sultani mwenyewe. Hapo ndipo Sultani anasema kwamba huyo si paka tena, ni Nunda. Tatu kuna msako. Mkaa Jikoni anaingia mwituni, anaua mnyama, anamburura mpaka nyumbani akiimba, "Mama wee, niulaga Nunda mla watu," na mama anamjibu kwamba siye. Anarudi tena na tena, kutoka mbwa na ngawa mpaka twiga, kifaru na tembo, na ndipo anampata mwenyewe.

Mpangilio wetu wa kwanza ulifuata mapande hayo kwa zamu. Episodi tatu za mtende, mbili za paka, tano za msako. Tukaenda kuusoma kwa sauti, huku tukionesha michoro, kwa watoto kama ishirini. Episodi ya kwanza walitulia. Ya pili mmoja akauliza, "Nunda yuko wapi?" Ya tatu walikuwa wanacheza na viatu vyao. Jina la kipindi lilikuwa limewaahidi Nunda, nasi tulikuwa tunawalisha tende.

Aliyetufungua macho ni bibi mmoja wa Mkoani, Pemba, shangazi ya mama wa mwenzetu. Tulikwenda kumrekodi sauti ya ule wimbo. Tulipomsomea mpangilio alisikiliza mpaka mwisho, akatengeneza kanga yake, akasema: "Wanangu, mbona Sultani mmemwacha nyuma? Paka si wake?" Ni kweli. Katika episodi zetu tano za mwisho Sultani hakuwemo kabisa. Kijana anahangaika porini na mwenye kosa amekaa nyumbani anasubiri chakula.

Hapo ndipo inafaa kutenganisha vitu viwili ambavyo wengi wanavichanganya. Katika mfululizo wowote kuna kisa cha siku, na kuna uzi. Kisa cha siku kinaanza na kwisha ndani ya dakika kumi na moja: kijana ana shida, anaishughulikia, anafaulu au anakosea. Uzi hauishi siku ile. Unapita chini ya visa vyote kumi, kila episodi unaonekana kidogo, na kila ukionekana umebadilika. Nunda imebarikiwa, kwa sababu kisa cha siku kimo tayari ndani yake. Msako wenye wimbo na jibu la mama ni mtambo unaoweza kuzalisha episodi hata ishirini: toka, kamata, leta, imba, siye. Ila mtambo peke yake huchosha. Ukishamwona mama anasema siye mara tatu, unajua ya nne. Uzi ndio unaomfanya mtazamaji atake ya tano, na uzi wa hadithi hii hauko mwituni. Uko kwenye lile jibu la Sultani.

Tukachukua vipande kumi vya karatasi ngumu, tukaandika hukumu ya Sultani tu, episodi kwa episodi, bila msako, bila mnyama. Katika ya kwanza paka bado ni mdogo, ameletwa alinde mtende, na amekula kuku. Sultani anasema, "Paka wangu, kuku wangu," baraza zima linacheka. Ya pili ni mbuzi: "Paka wangu, mbuzi wangu." Wanacheka, lakini wachache. Ya tatu ng'ombe ni wa jirani, na sentensi inavunjika kwa mara ya kwanza: "Paka wangu, ng'ombe wako. Nitakulipa." Usiku ule ule mchukuzi mmoja wa sokoni harudi kwake. Asubuhi Sultani anatamka, "Huyo si paka. Ni Nunda."

Hapa tumefanya jambo ambalo nalitetea mbele ya yeyote. Maneno ni yale yale ya hadithi, lakini tumeyahamisha. Katika masimulizi yanakuja mwisho wa pande la paka, baada ya Sultani kufiwa, na ni maneno ya mtu aliyezinduka. Sisi tumeyatia mapema, kabla hajafiwa na mtu wake yeyote, nayo yamekuwa maneno ya mtu anayejificha. Mnyama akibadilishwa jina, deni linakuwa halina mwenyewe. Kuanzia hapo mji mzima unamsaka Nunda na hakuna anayethubutu kutamka neno paka. Huo ndio uzi: je, nani atalitamka, na lini?

Karatasi zilizobaki zikajaa zenyewe. Ya nne, mke wa mchukuzi anakuja na Sultani anamwambia Nunda si wa mtu. Ya tano baraza ni tupu. Hakuna aliyekuja kushitaki, Sultani amekaa anangoja. Ya sita mlango umefungwa na sauti ya mshitaki inasikika kutokea nje. Ya saba ni Sultani mwenyewe aliyefiwa na mwanawe, anateremka kitini, anakaa kwenye mkeka wa washitaki, na hakuna wa kumsikiliza. Ya nane anatangaza Nunda amekufa. Ya tisa mtoto mdogo anauliza mbele ya watu, "Kwani yule paka yuko wapi?" Ya kumi Sultani anasema maneno mawili tu, yale aliyoanza nayo: "Paka wangu."

Ukizisoma karatasi hizo kumi peke yake ni hadithi kamili, na ndicho kipimo tunachokitumia mpaka leo. Tandika sakafuni matukio ya uzi tu, uyasome mfululizo. Yakiwa yanarudia kitu kimoja, huna uzi, una kibwagizo. Yakiwa hayaeleweki bila visa vya siku, umeuficha mno.

Mtende nao hatukuutupa. Umekuwa saa ya mfululizo. Kila episodi inafunguka na picha yake: maua, kisha vitunda vya kijani, vya manjano, vilivyolainika, mpaka tende zenyewe. Mtende huchukua miezi kadhaa kutoka ua mpaka tende, hivyo mtoto anaona muda unapita bila mtu kumwambia, na anajua kuna siku ya mavuno inakuja.

Wanyama walitugharimu ugomvi wa siku mbili. Twiga, kifaru na tembo Unguja hawapo. Mwenzetu mmoja alisema hadithi ni hadithi, acha twiga apite msitu wa Jozani. Mimi nilitaka wanyama wa visiwani. Lakini kuna mtego: wanyama wa masimulizi wamepangwa kwa ukubwa, kutoka mbwa mpaka tembo, na ngazi hiyo ndiyo inayopandisha hofu. Ukiwaondoa wale wakubwa ukaweka komba na perere, yule pimbi wa mitini, ngazi imekatika, kwani kisiwani hakuna pa kupanda. Tulijaribu kumkuza perere awe kama ng'ombe. Alichekesha tu.

Tulichofanya ni kujenga ngazi ya aina nyingine. Kila mnyama asiye Nunda ana dalili moja ya kweli ya Nunda. Komba, katika episodi ya nne, ana macho yanayowaka gizani. Anakamatwa juu ya mnazi akiwa ameshiba tembo la mgema. Ngawa, katika ya tano, ana nyayo. Perere, katika ya sita, ana sauti, na yeyote aliyelala karibu na msitu akasikia perere analia usiku hahitaji kuambiwa kwa nini mtu akimbie. Chui anakuja ya nane. Kijana anakusanya macho, nyayo, sauti, na mtoto aliyeketi mbele ya televisheni anaviunganisha kabla yake. Wala hawaui. Anawatia tengani, anawaleta mlangoni kwa mama, mama anaimba siye, wanaachiwa. Sikuona namna ya kuwaambia watoto wa Zanzibar kwamba shujaa ni yule anayemaliza msitu.

Episodi ya tano ndiyo niliyoiandika mwenyewe, nitaifungua kidogo. Sekunde ishirini za mwanzo ni za kila siku: paukwa, pakawa, kaondokea chenjagaa kajenga nyumba kakaa, na mtende juu ya mapaa. Kisha sekunde arubaini za baraza tupu. Baada ya hapo tuko jikoni. Samaki wamekuwa wakiibwa, na Mkaa Jikoni, kama mtu wa jikoni kweli, amemwaga jivu la moto mlangoni akalilaza kwa mkono likawa kama unga. Asubuhi kuna unyayo. Anauangalia, anachukua kandili na tenga, anaufuata. Kufikia dakika ya sita amemkamata ngawa, na mji mzima unajua, kwa sababu ngawa hunuka zabadi na watoto wanamfuata nyuma wameziba pua. Dakika ya nane anaimba, mama anamjibu siye. Kijana haamini. Anamkanyagisha ngawa kwenye jivu, anainama na kandili kulinganisha. Unyayo wa ngawa una vidoto mbele ya vidole, alama za kucha. Ule wa usiku hauna. "Nunda hukunja kucha zake," anasema, anamfungulia ngawa, basi. Picha ya mwisho ni ule unyayo usio na kucha, na kamera inapanda taratibu mpaka kwenye sahani ya vichwa vya samaki ambavyo Mkaa Jikoni alikuwa akimlisha paka zamani. Hakuna neno. Tulipowasomea watoto wale wale, mmoja alisimama akapiga kelele, "Paka! Ni paka wake!"

Angalia uzi umepita mara ngapi mle: baraza tupu mwanzoni, sahani mwishoni. Jumla haizidi dakika moja. Mtoto ambaye hajaona episodi nyingine yoyote bado amepata kisa kizima cha ngawa na jivu. Hiyo ndiyo kadiri yake kwa dakika kumi na moja. Tulipoongeza eneo la Sultani akinong'ona na waziri, kisa cha ngawa kikabaki bila pumzi, tukalikata.

Ya saba iliandikwa kwa makusudi kuvunja mtambo. Hakuna mnyama, hakuna tenga. Ndugu mkubwa amechukuliwa, kijana anarudi mikono mitupu, anaanza kuimba na mama hamjibu. Anageuka anachochea moto. Tuligombana kama mama anajua. Mimi nasema anajua tangu ya tatu, na ukimya wake ndio unaoeleza kwa nini siku zote alisema siye bila kusema ni nani. Ukimya huo una nguvu kwa sababu jibu limeshasikika mara tatu. Ungekuja katika ya pili usingekuwa chochote.

Na ya nane ni ya chui, ambayo mtu wa Unguja ataielewa zaidi ya mwingine. Kwetu chui hakuwa mnyama wa mwituni tu. Alisemwa kuwa ni wa kufugwa, kwamba ana mwenyewe kijijini anayemtuma, na katika miaka ya 1960 walisakwa pamoja na waliodhaniwa wachawi. Kwa hiyo chui anapoletwa tengani, mji haungoji wimbo. Umeshapata wa kumbebesha. Mama anaimba siye na kwa mara ya kwanza sauti yake inamezwa na ngoma. Sultani anatangaza, tende zinavunwa katika ya tisa, sherehe imeandaliwa, na Nunda anashuka katikati ya sherehe, mkubwa kama ng'ombe, na sikio lake la kushoto lina pengo lile lile alilokuwa nalo akiwa paka wa jikoni.

Kuna hesabu ambayo mwandishi hapendi kuisikia, lakini mchoraji atamwambia. Televisheni kwetu huenda kwa picha 25 kwa sekunde, hivyo dakika kumi na moja ni picha 16,500. Hata kila mchoro ukishikwa kwa picha mbili, kama ilivyo kawaida, ni michoro 8,250 kwa episodi moja. Hapo ndipo kujirudia kwa hadithi za kale kunapolipa. Paukwa sekunde ishirini, baraza arubaini, wimbo wa mama hamsini, majina ya mwisho thelathini: ni sekunde 140 ambazo sehemu yake kubwa ni mandhari na mienendo iliyokwisha chorwa. Barazani tunabadilisha idadi ya watu tu. Jikoni ni chumba kimoja kwa episodi zote. Kila msako unaruhusiwa mnyama mmoja mpya na pahala pamoja papya. Mwandishi akileta soko, bandari na harusi ndani ya episodi moja, anarudishiwa.

Jambo ambalo hatujalimaliza ni mpangilio wa kurushwa. Kituo kimoja tulichokipelekea kilituambia vipindi vya watoto vinawekwa popote penye nafasi, leo ya pili, kesho ya tisa. Tukarudi sakafuni na karatasi zetu, tukajaribu kuchomoa moja moja. Komba, ngawa na perere wanaweza kubadilishana nafasi, ilimradi sentensi ya baraza ihamie na namba yake, siyo na mnyama wake. Mbili za mwanzo zinasimama peke yake. Lakini saba mpaka kumi haziwezi. Ukimwona Sultani mkekani kabla hujamwona kitini, ni mzee tu aliyekaa chini. Tumewapa masharti hayo kwa maandishi: sita za mwanzo mzichanganye kwa sharti hilo la baraza, nne za mwisho ziende kwa zamu, wiki moja. Bado hawajajibu.

Ya kumi yenyewe ina jambo moja tu la kuchora kwa uangalifu. Kijana amemfuata Nunda mwituni peke yake, hakuchukua tenga, amechukua ile sahani. Nunda anakuja, anakula, analala, na anauawa akiwa amelala. Hatukuona haki ya kulificha hilo, watu wamekufa. Kijana anarudi mlangoni, anaimba ule wimbo mara ya mwisho. Kwenye animatiki, yaani michoro ya majaribio iliyopangwa kwa muda wake, tumeacha sekunde tisa za kimya pale mama anapotakiwa kujibu, kamera iko nyuma ya bega lake, na nje anaonekana Sultani amesimama kizani, bado hajasema lake.